Roketi Inayotetemeka Bila Sababu: Kwa Nini Gemu Kubwa Huhamisha Kitovu cha Dunia Yake

Juni 2011 kampuni ya Squad ya Mexico City ilitoa kwa umma toleo la kwanza la Kerbal Space Program, gemu ya kompyuta ambamo mchezaji huunda roketi kipande kwa kipande, huirusha kutoka sayari iitwayo Kerbin, kisha hujaribu kuifikisha kwenye mwezi na sayari nyingine. Wachezaji waliotoka mbali na kwenda kasi walikuta jambo lisiloeleweka. Roketi iliyopaa bila tatizo ilianza kutetemeka ikiwa katikati ya anga tupu, injini zimezimwa na hakuna upepo wa kuitikisa. Vipande vyake vilivutana na kusukumana, mtikisiko ukazidi, na mwisho chombo kizima kikasambaratika. Wachezaji walisema huko mbali kuna dude linalokula roketi, wakalipa jina la Kraken, nyama wa baharini wa hadithi za Skandinavia.

Chanzo kilikuwa namba. Kompyuta ilikuwa imeombwa iandike mahali pa roketi na mwendo wake kwa namba zisizo na nafasi ya kutosha, na makosa madogo ya kukadiria yakageuka kuwa nguvu za kuvunja chuma. Tatizo hili humpata kila anayeunda dunia kubwa ndani ya kompyuta, iwe ya anga, ya ndege au ya barabara ndefu. Lina dawa inayojulikana, nayo ni kuhamisha kitovu. Lakini dawa hiyo hufanya kazi kwa mpangilio mmoja tu, na anayeugeuza mpangilio huo hubaki na ugonjwa wake.

Namba yenye tarakimu saba

Ndani ya gemu, mahali pa kila kitu huandikwa kwa namba tatu: x, y na z. Kila moja hueleza umbali, kwa kawaida kwa mita, kutoka kitovu cha dunia hiyo, yaani pale ambapo zote tatu ni sifuri. Injini nyingi za gemu, ikiwemo Unity iliyotumika kuunda Kerbal Space Program, hutunza kila namba kwa biti 32 kwa kufuata kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985. Biti moja huonyesha chanya au hasi, nane huonyesha ukubwa wa namba, na 23 zilizobaki hubeba tarakimu zenyewe. Ipo na moja zaidi ambayo haihitaji kuandikwa, hivyo tarakimu hupata biti 24. Kwa hesabu zetu za kawaida, hizo ni kama tarakimu saba.

Chukua kikokotoo ambacho kioo chake kina nafasi saba tu. Ukiandika umbali wa mita 12.34567, unaweza kutaja hadi sehemu ya mia ya milimita. Ukisogea hadi mita 12345.67, tarakimu tano zimeshikwa na mita nzima, na kilichobaki kinatosha kutaja sentimita tu. Ukifika mita 1234567, nafasi zote zimejaa. Hakuna pa kuandika hata nusu mita. Uwezo wa kikokotoo haujapungua. Ni umbali ndio uliokula nafasi za sehemu ndogo.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila kwa kuwa huhesabu kwa mbili, mwanya kati ya namba moja na jirani yake huongezeka maradufu kila umbali unapoongezeka maradufu. Kati ya mita 1,024 na 2,048 kutoka kitovu, mwanya huo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na hakuna jicho litakaloutambua. Kuanzia mita 65,536 unakaribia milimita nane. Kuanzia mita 524,288 ni sentimita 6.25. Ukivuka mita 8,388,608, kompyuta haina tena namba yoyote kati ya mita moja na inayofuata. Kitu kinachotakiwa kuwa katikati husogezwa kwa lazima hadi upande ulio karibu.

Mtembezi anayepiga hatua asiende

Athari yake huonekana vizuri tukimfuata mtu mmoja anayetembea. Tuseme anakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mtu, na gemu inachora picha 60 kwa sekunde. Kwa kila picha inabidi asogee sentimita 2.5. Karibu na kitovu anasogea hivyo hasa, na mwendo wake ni laini.

Mpeleke sasa kilomita 200 kutoka kitovu, akielekea mbali zaidi. Hapo mwanya kati ya namba ni karibu sentimita 1.56. Sentimita 2.5 alizotakiwa kwenda ni zaidi ya mwanya mmoja na pungufu ya miwili. Kompyuta inachagua jibu lililo karibu, nalo ni mianya miwili, sentimita 3.125. Kwa kuwa kila picha inaanzia kwenye namba kamili ya mianya, kosa hilohilo linarudiwa kila mara upande uleule. Baada ya sekunde moja mtembezi amekwenda mita 1.875. Hakuna aliyemwamuru aongeze mwendo, lakini anakwenda kwa robo zaidi.

Mpeleke kilomita 600. Mwanya ni sentimita 6.25, na sentimita 2.5 ziko karibu zaidi na sifuri kuliko na mwanya mzima. Kompyuta inajumlisha, inakadiria, na jibu linarudi kuwa lilelile. Miguu inachezeshwa, sauti ya nyayo inasikika, na mtu amesimama palepale. Akianza kukimbia mita tano kwa sekunde, kila picha inamtaka aende sentimita 8.3, hizo zinakadiriwa kuwa 6.25, basi anasogea, lakini kwa mita 3.75 kwa sekunde. Mwendo mmoja unaongezwa, mwingine unapunguzwa, mwingine unafutwa kabisa, na katika programu yenyewe hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa vibaya.

Namna kosa linavyovunja chombo

Mtembezi ni kitu kimoja. Roketi ya Kerbal Space Program ni vipande vingi vilivyounganishwa: matangi, injini, mabawa, chumba cha rubani. Injini ya fizikia huvitazama viungo hivyo mara nyingi kwa sekunde. Ikiona vipande viwili vimeachana kuliko inavyotakiwa, huvivuta virudi. Ikiona vimesongana, huvisukuma vitengane.

Nusu kipenyo cha Kerbin ni kilomita 600, na mwezi wake Mun huizunguka kwa umbali wa kilomita 12,000. Tuseme kitovu kingeachwa katikati ya Kerbin. Kwenye uso wa sayari, pale roketi inaposimama kabla ya kuruka, mwanya ungekuwa tayari sentimita 6.25. Kwenye mzingo wa Mun ungekuwa mita nzima. Kila kipande cha roketi kingekadiriwa peke yake, kimoja kikisukumwa mbele na jirani yake nyuma. Injini ya fizikia ingeona kiungo kimenyooka ghafla kwa nusu mita, ingekivuta kwa nguvu kubwa, na kwenye hesabu inayofuata ukadiriaji ungeangukia upande mwingine. Nguvu hizo ni za uongo, lakini injini haiwezi kujua. Huzijumlisha kama nguvu nyingine yoyote hadi kiungo kinapofika kikomo chake na kukatika.

Ndiyo maana kutetemeka kwa picha hakupaswi kupuuzwa kama dosari ya macho. Skrini huonyesha kosa mapema, fizikia hulilimbikiza.

Kuutambua ugonjwa kabla ya kuutibu

Vitu hutetemeka katika gemu kwa sababu nyingi, na anayetibu asichokijua hupoteza wiki. Zipo dalili tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni umbali. Kipeleke kitu kilekile, bila kubadili chochote, kwenye kilomita 10, 100, kisha 1,000 kutoka kitovu. Kikitulia karibu na kuzidi kutikisika kadiri unavyokwenda mbali, basi ni namba. Kiungo kilichotengenezwa vibaya kitatikisika hata kwenye sifuri.

Ya pili ni mwelekeo, na hii ndiyo dalili ya uhakika zaidi. Kila moja ya x, y na z hukadiriwa peke yake. Ukisogeza kitu kilomita 500 kwa mhimili wa x pekee, mtikisiko utakuwa wa mhimili wa x. Kwa y na z kitaendelea kwenda kwa ulaini. Mtikisiko unaoheshimu mhimili mmoja namna hiyo hauna asili nyingine ya kawaida.

Ya tatu ni umbo la mtikisiko. Kitu huruka kwa vipimo vilivyo sawa, hakiyumbi. Andika x yake kwenye kila picha, toa kila namba kutoka kwa inayofuata, na tofauti zote zitakuwa mara kamili ya mwanya wa eneo hilo. Nyuso mbili zilizolaliana zikimetameta na kugombania nafasi kwenye skrini, hilo ni tatizo la kina cha picha. Huweza kutokea hata hatua chache kutoka kitovu, na kuhamisha kitovu hakutalitibu.

Dunia inamfuata mchezaji

Dawa inaanzia kwenye jambo moja la kweli: mchezaji huhitaji usahihi pale alipo tu. Mlima ulio kilomita 50 mbele yake ukikosewa kwa milimita nne, hataona. Basi badala ya mchezaji kuondoka kitovuni na kupotelea kwenye namba kubwa, kila anapofika mbali kidogo tunaichukua dunia yote, yeye akiwemo, na kuirudisha nyuma kwa umbali aliokwenda. Anabaki karibu na sifuri, mahali ambapo namba zimebanana. Kwa kuwa kila kitu kimesogea pamoja ndani ya picha moja, skrini haionyeshi badiliko lolote.

Kwa Unity, kiini chake ni kifupi:

```
const float KIKOMO = 2048f;
const float PIMO = 1024f;

void LateUpdate() {
    Vector3 p = mchezaji.position;
    if (p.magnitude < KIKOMO) return;

    Vector3 d = new Vector3(
        Mathf.Round(p.x / PIMO) * PIMO,
        Mathf.Round(p.y / PIMO) * PIMO,
        Mathf.Round(p.z / PIMO) * PIMO);

    foreach (Transform t in vituVyaJuu) t.position -= d;

    kitovuX += d.x;   // hizi tatu ni double
    kitovuY += d.y;
    kitovuZ += d.z;
}
```

Mchezaji akifikisha mita 2,048 kutoka kitovu, tunapata umbali wa kurudisha, `d`, kwa mafungu ya mita 1,024, kisha tunautoa kwenye kila kitu kisichobebwa na kingine. Vilivyobebwa, kama kofia juu ya kichwa, hufuata vyenyewe. Mafungu ya 1,024 yana faida mbili. Jumla ya uhamisho hubaki namba nzima isiyo na mabaki, na michoro ya ardhini inayojirudia kwa vipimo vinavyoingia kamili ndani ya 1,024 haionekani kuteleza dunia inapohama. Kwenye mita 2,048 mwanya ni kama robo ya milimita, kwa hiyo hata muda mfupi kabla ya kuhama mchezaji hajapata shida.

Namba tatu za mwisho, `kitovuX` na wenzake, ndizo kumbukumbu ya mahali kitovu cha sasa kilipo katika dunia kubwa. Hizo ni za biti 64. Zikikosekana, gemu haijui tena mchezaji yuko wapi.

Toa kwanza, fupisha baadaye

Huu ndio mpangilio niliousema mwanzoni, na ndio unaovurugwa mara nyingi. Kuhamisha kitovu hakurudishi usahihi uliokwisha kupotea. Huuzuia usipotee.

Tuseme chombo kiko karibu na Mun, na kitovu cha sasa kiko mita 12,000,000 kutoka katikati ya Kerbin. Gemu inataka kuweka vipande viwili: cha kwanza kwenye 12,000,000.30 na cha pili kwenye 12,000,000.70. Vimeachana sentimita 40.

Mwandishi wa programu aliyezitunza namba hizo kwa biti 32 ameshazipoteza. Cha kwanza kimekuwa 12,000,000 na cha pili 12,000,001, kwa sababu hapo hakuna namba za kati. Akitoa kitovu anapata 0 na 1. Vipande viko karibu kabisa na sifuri, mahali penye usahihi wote, lakini vimeachana mita nzima. Kosa limehama pamoja navyo.

Aliyezitunza kwa biti 64 ana tarakimu 15 hivi. Kwenye umbali huo mwanya wake ni nanomita mbili tu. Anatoa kitovu akiwa bado na biti 64, anapata 0.30 na 0.70, na hapo ndipo anazifupisha kuwa za biti 32 na kuzikabidhi kwa fizikia na kwa kadi ya picha. Sentimita 40 zimebaki sentimita 40. Mahesabu ni yaleyale mawili, kutoa na kufupisha. Kinachookoa chombo ni lipi linatangulia.

Kwa hiyo ramani ya sayari, vituo, vyombo vilivyoegeshwa na kila kilichohifadhiwa kwenye diski vitunzwe kwa biti 64. Namba za biti 32 ziwe nakala za muda, zinazozaliwa mchezaji anapokaribia na kutupwa anapoondoka.

Vinavyosahaulika nyuma

Kuhamisha vitu vinavyoonekana ni rahisi. Kazi iko kwenye namba za mahali zilizojificha ndani ya programu. Moshi wa roketi mara nyingi huandikwa kwa koodinati za dunia. Usipohamishwa, kwenye picha moja utaonekana umeruka kilomita mbili kutoka kwenye bomba lake. Alama ya tairi au mkia wa kimondo huacha mstari mrefu uliochanwa skrini nzima, kwa sababu nukta zake za zamani zimebaki kwenye kitovu cha zamani. Adui aliyekuwa anaelekea mahali fulani hugeuka ghafla, kwani anakoelekea hakujahamishwa. Kitu kinacholainishwa kati ya mahali pa picha iliyopita na pa sasa hupita katikati ya kilomita zisizokuwepo. Ukiona kasoro inayotokea mara moja, ikaisha, kisha ikarudi kila mchezaji anapokwenda umbali uleule, tafuta namba iliyosahauliwa.

Katika gemu ya watu wengi, kila kompyuta ina kitovu chake. Mchezaji mmoja akimtumia mwenzake koodinati zake za biti 32 kama zilivyo, mwenzake ataona chombo mahali ambapo hakipo. Kinachopita mtandaoni lazima kiwe mahali halisi kwa biti 64, na kila mmoja atoe kitovu chake anapopokea.

Roketi ina jambo moja zaidi, nalo ni mwendo. Katika mzingo wa chini wa Kerbin chombo huenda zaidi ya mita 2,000 kwa sekunde, na namba kubwa ya mwendo hula tarakimu kama namba kubwa ya umbali. Watengenezaji wakiongozwa na Felipe Falanghe waliongeza kipengele walichokiita Krakensbane, yaani kiboko cha Kraken. Mwendo ukizidi kiwango fulani, chombo huondolewa mwendo huo na dunia inayokizunguka ndiyo hupewa, ikielekezwa nyuma. Chombo hubaki karibu kimetulia kwa hesabu, na viungo vyake hupimwa kwa namba ndogo. Falanghe alieleza kazi hiyo hadharani katika mkutano wa Unite wa 2013.

Je, biti 64 kila mahali?

Swali hili ni halali. Kadi za picha za watumiaji wa kawaida zimeundwa kwa hesabu za biti 32, na zile za biti 64 huzifanya polepole mara nyingi zaidi. Kumbukumbu nayo hutumika maradufu. Unreal Engine 5, iliyotoka 2022, ilipeleka mahali pa vitu kwenye biti 64 upande wa kichakataji kikuu, lakini kazi ya kuchora bado hufanywa kwa namba fupi zinazopimwa kutoka sehemu ya karibu. Hata huko, kutoa kunatangulia kufupisha. Kilichobadilika ni kwamba injini yenyewe inafanya kazi ambayo zamani aliifanya mwandishi wa gemu.

Kuhamisha kitovu kuna kikomo kisichokwepeka: kitovu ni kimoja. Wachezaji wawili wakigawana skrini moja, mmoja akiwa Kerbin na mwingine Mun, kitovu kikikaribia wa kwanza kinamwacha wa pili kwenye mwanya wa mita nzima. Seva inayohesabu fizikia ya watu waliotawanyika hukutana na jambo hilohilo. Hapo dunia hugawanywa katika maeneo, kila eneo na kitovu chake na hesabu zake za fizikia, na chombo kinachovuka mpaka hubadilishiwa koodinati.

Uamuzi huo hufanywa kabla ya mlima wa kwanza kuchorwa. Anayeanza dunia yenye upana unaozidi kilomita chache aandike mapema ni namba zipi zinazobeba mahali halisi na zipi ni nakala za muda, na kila sehemu ya programu ijue inashika ipi. Kisha, siku ya kwanza mtu wake anapoweza kutembea, amweke kilomita 600 kutoka kitovu na kumwamuru aende mbele. Akisogea mita moja na nusu kwa sekunde, msingi umekaa sawa. Akipiga hatua bila kuondoka, kosa limepatikana wakati bado ni rahisi kulirekebisha.